Nguo ya pompi isifike kwenye beseni ya mtoto



Katika msimu wa mvua viazi vinapigwa dawa karibu kila juma, kwa sababu ya ule ugonjwa wa majani kuungua ambao wengi wetu tunauita mildiu. Kipimo cha dawa tunakizungumza kila mara, pompi zinazovuja pia. Leo tunataka kuongea juu ya kitu kinachobaki wakati pompi imekwisha kuoshwa na kuwekwa ndani: suruali na shati ya yule aliyepiga dawa.

Tulipita katika koperative moja ya viazi, huko juu ya milima ya Lubero. Ilikuwa saa tisa za mchana. Baba wa nyumba alikuwa amepiga dawa asubuhi, pompi tatu za lita 16, na suruali yake ilikuwa imetupwa karibu na jiko, ikiwa na unga wa njano toka magotini mpaka chini. Mama wa nyumba alikuwa anafula. Katika beseni moja aliweka ile suruali, shati, kikwembe chake na nepi za mtoto wa miezi mitano. Tulimwuliza sababu gani anachanganya. Akatujibu: "Maji ni bidoni mbili tu, na sabuni ni kipande kimoja. Nikifula mbalimbali, nguo za nani zitabaki?"

Tulikosa la kujibu pale pale. Yule mama hakufanya ujinga, alifanya hesabu. Mtu akimwambia tu "usichanganye", bila kumwonyesha maji yatatoka wapi, ni bure. Kwa hiyo katika maneno haya tutajaribu kujibu kwa hesabu vilevile.

Kabla hatujaondoka alituambia jambo lingine. Kila siku ya kufula ile nguo mikono yake inawasha mpaka usiku, na kichwa kinamuuma. Mara mbili amekwenda kwenye kituo cha afya, na mara mbili amepewa dawa ya malaria. Sisi si waganga, hatuwezi kusema ni nini kilichomgonjesha. Lakini mwasho unaoishia kwenye viwiko, unaokuja siku ya kufula na kwisha kisha siku mbili, hiyo si tabia ya malaria. Tulimwomba safari nyingine amwambie mwuguzi anafula nguo gani, na apeleke jina la dawa, sababu mwuguzi hawezi kuuliza juu ya kitu asichokijua.

Namna gani dawa inatoka kwenye nguo ya baba na kufika kwa mtoto? Mwenye pompi anatembea ndani ya majani ambayo amekwisha kuyalowesha. Kwa hiyo suruali, toka mapaja mpaka chini, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Kisha mgongo, kama kifuniko cha pompi hakifungi vizuri. Kisha mkono wa shati upande wa lansi. Nguo inakunywa dawa, na maji yakikauka dawa inabaki ndani ya nyuzi. Ukiitia nguo ile majini, sehemu moja ya dawa inatoka na kuelea katika beseni. Nguo nyingine zilizomo nazo zinakunywa. Nepi ni kitambaa cha kunywa maji, ndiyo kazi yake. Halafu tunaifunga mahali ambapo ngozi ya mtu ni laini na nyepesi kuliko pengine pote, inapitisha dawa mwilini kuliko kiganja cha mkono mara nyingi sana, na tunaiacha pale ikiwa na joto na mkojo. Mtu angetafuta njia ya kumwingizia mtoto dawa ya shamba kupitia ngozi, hangepata njia iliyo rahisi zaidi.

Tena kuna jambo la mama mwenye mimba. Ule unga wa njano unaitwa mankozebu. Mwisho wa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliondoa ruhusa ya kuutumia katika inchi zake, na sababu mojawapo ni kwamba umewekwa katika kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi na mtoto aliye tumboni. Kwetu bado unauzwa, mara nyingi katika vifuko vidogo vya plastiki visivyo na karatasi yoyote ya maelezo. Hatuandiki haya ili mtu aache viazi vyake vioze. Tunasema tu kwamba mikono ya mama mwenye mimba haina kazi katika beseni yenye unga ule.

Basi, hii ndiyo fikira yetu, na tunajua wengine hawataipenda: nguo ya pompi isiingie nyumbani. Ifuliwe shambani, siku ileile, na yule aliyeivaa.

Tumesikia majibu. Baba mmoja alituambia wazi, "Miye mwanaume nifule mbele ya ba mama? Watu batanicheka." Tunaelewa. Lakini fikiri kidogo. Yeye amekwisha kuguswa na dawa, amevaa buti za mpira, amevaa ganti, anajua alichanganya nini katika pompi. Akimpa mke wake nguo hajamsaidia kazi, amemgawia sumu, na mke wake hana ganti. Kwa ile aibu, shamba lenyewe linaijibu: kule juu nani anakuona? Yule baba wa Lubero, tulipomwambia hivyo, alicheka na kusema, "Ya kweli, kule ni mimi na viazi tu."

Kisha juma moja tulirudi, tukafanya naye kazi yote toka mwanzo mpaka mwisho. Alikuja na nguo nyingine safi katika mfuko, beseni yake mwenyewe, sufuria ya zamani, sabuni ya unga na bidoni mbili za maji za lita 20, na akaziacha pembeni mwa shamba kabla ya kuchanganya dawa. Suruali alikuwa ameivaa juu ya buti, hakuichomeka ndani, maana dawa inayoteremka kwenye suruali iliyochomekwa inaishia ndani ya buti, kwenye soksi.

Alipomaliza kupiga dawa hakuvua ganti kwanza. Aliziosha zikiwa mkononi, akaosha buti, ndipo akavua shati na suruali, mifuko akaigeuza nje. Unga mkavu hakuukung'uta, sababu unaruka na kuingia puani. Kisha alichimba shimo la kina cha goti katikati ya matuta yaleyale yaliyopigwa dawa, mbali na chemchemi na mahali mbuzi wanapokunywa.

Maji ya kwanza ni lita 10, ya baridi, bila sabuni. Nguo zinazama kabisa, zinapigwapigwa kwa fimbo muda wa dakika kumi, na maji yanamwagwa shimoni. Haya ndiyo maji machafu kuliko yote. Tuliyaangalia pamoja, yalikuwa ya njano kama maji ya udongo. Ni yale yale ambayo juma lililopita yaliingia katika nepi.

Maji ya pili ni ya moto na sabuni. Alichemsha lita 5 akachanganya na lita 5 za baridi. Katika milima yetu maji yanachemka kabla ya kufika digri 100, kwa hiyo mchanganyo ule unakuwa karibu digri 55, na mkono hauvumilii. Ni vizuri hivyo, kwa sababu nguo inageuzwa kwa fimbo. Sabuni ya unga inafaa kuliko kipande, na isipimwe kwa uchoyo: alitia mara mbili ya ile anayotia mama kwa nguo za kawaida. Nguo zilikaa humo nusu saa, kisha maji yalipopoa alizisugua akiwa na ganti, zaidi sana magotini, kwenye pindo na kwenye mishono, maana pale kitambaa ni maradufu.

Maji ya tatu na ya nne ni ya kusuuza, lita 10 kila mara, na maji mapya kila mara. Mtu anachoka hapa. Anasuuza mara moja, anaona povu limepungua, anakamua na kuanika. Lakini sabuni kazi yake ni kuibandua dawa na kuishika ndani ya maji. Sabuni ikibaki katika kitambaa, dawa iliyoshikwa inabaki nayo, na nguo ikikauka vyote viwili vinarudi kwenye nyuzi. Kwa hiyo kusuuza mara ya pili siyo mapambo. Alama ni hii: maji ya nne yawe meupe, na kitambaa kisiteleze tena kati ya vidole vya ganti.

Hesabu ni lita 40, yaani bidoni mbili. Ndiyo bidoni mbili juu ya zile mbili za nyumbani, hatutaki kumdanganya mtu. Wale walio karibu na paa la bati wanaweza kukinga mvua, na msimu wa mildiu ndio msimu wa mvua. Wengine watabeba.

Kuna dawa ambazo bidoni mbili hazitoshi. Zile za wadudu tunazopiga kwenye kabeji na nyanya mara nyingi ni za mafuta. Utazijua hivi: ukizimimina katika maji, maji yanageuka meupe kama maziwa. Dawa ya mafuta inashika kitambaa kama vile mafuta ya mawese yanavyoshika sahani. Maji ya baridi yanapita juu tu. Kwa hizo rudia maji ya moto na sabuni mara ya pili, kisha suuza tena, na hesabu inafika bidoni tatu. Nyingi kati yake ni kali kuliko mankozebu. Mtu aliyefula nguo zake akianza kutokwa na jasho na mate mengi, macho yakawa na giza na mboni zikawa ndogo, asiambiwe alale. Apelekwe kwenye kituo cha afya saa ileile, na kifuniko au chupa ya dawa iende pamoja naye.

Je, pua inatosha kujua kama nguo imetakata? Hapana. Nguo ikinuka dawa hata ukiishika mbali kwa urefu wa mkono, haijatakata, rudia. Lakini kama hainuki, hiyo haijaonyesha kitu, kwa sababu kuna dawa zisizo na harufu kubwa. Ndiyo maana tunahesabu maji, hatuhesabu harufu.

Hapa tuseme neno juu ya javeli, maana ba mama wengi wanaiamini. Javeli inaua vidudu na kufanya nguo iwe nyeupe. Haibandui dawa ya shamba. Inachofanya ni kufunika harufu, na mtu anavaa nguo akifikiri ni safi. Iache kwa nguo nyeupe za nyumbani.

Kuchelewa pia kunaharibu kazi. Nguo iliyopigwa dawa Ijumaa na kufuliwa Jumatatu ni ngumu mara nyingi kuliko ile ya siku ileile, sababu dawa imekwisha kuingia ndani na kukauka. Na katika siku hizo tatu iko wapi? Inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, tumeona kwa macho yetu. Kama mvua kali imekukatiza, nguo ilale katika mfuko wa plastiki uliofungwa, chini ya paa la shamba, na kesho asubuhi ifuliwe kabla ya kazi nyingine.

Kuna nguo ambayo hatuifuli. Kama dawa tupu, ile ya ndani ya chupa ambayo haijachanganywa na maji, imemwagika juu ya suruali na kuilowesha, hata ukifula mara tano haitoki yote. Vua palepale, osha mwili kwa maji mengi na sabuni, na ile suruali ikatwe vipande na kuzikwa mbali na maji. Kukata ni lazima, la sivyo mtu ataifukua. Tunajua suruali ni bei. Tumeona mtu ameifanya kitambaa cha kupangusia meza, na mwingine ameikatia mtoto kaptula. Heri kupoteza suruali. Viatu na mikanda ya ngozi ni vilevile: ngozi ikinywa dawa haiirudishi, kwa hiyo mkanda wa kanisani usiende na pompi.

Kuanika: kwenye kamba yake peke yake, jua likiipiga siku nzima, ndani ikiwa imegeuzwa nje. Jua linavunja sehemu ya dawa iliyobaki. Tunasema sehemu, kwa sababu hata kisha kazi yote hii kitu kidogo kinabaki ndani ya nyuzi. Nguo ya pompi ikifuliwa vizuri inakuwa nguo safi ya pompi, haigeuki kuwa nguo ya nyumbani tena. Itie uzi mwekundu kwenye kola ili kila mtu aijue. Tena ni vizuri iwe ya pamba isiyo nzito sana. Jinzi nene inakunywa mengi na kuachia kidogo. Wazee waliokuwa wanatia wanga katika shati zao za kanisa watafurahi kusikia hili: nguo ya pamba iliyotiwa maji ya wanga wa muhogo na kukaushwa inaachia dawa kwa urahisi zaidi, sababu dawa inashika wanga, na wanga unatoka na maji ya kwanza. Lakini lazima utie tena kila ukifula, na wanga siyo ngao. Mvua ikikunyeshea imekwisha.

Juu ya mto hatutazungumza sana, kila mtu anajua watu wa chini wanakunywa nini. Zile dawa ambazo jina lao linaishia na "metrini", kama sipermetrini, zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno. Beseni moja ikimwagwa katika kijito inatosha kumaliza vidagaa vya mahali pale. Maji ya kufulia yaende shimoni, kisha beseni yenyewe isuuzwe kwa sabuni palepale, na shimo lifunikwe.

Tunakuja kwa koperative zenyewe, maana si haki kumwachia kila mkulima mzigo huu peke yake. Koperative nyingi zina pompi ya kuazima. Mtu anakuja, anatia sahihi katika daftari, anachukua pompi, jioni anarudisha. Fikira yetu ni kwamba pompi isitoke bila beseni. Beseni ya rangi nyekundu, ambayo hakuna mama atakayeichanganya na yake, ganti mbili, bidoni mbili tupu na kipimo cha sabuni, vyote viandikwe mstari mmoja na pompi na virudi pamoja. Bei yake itolewe katika pesa ileile inayonunua dawa. Koperative ikikosa pesa ya beseni na sabuni, basi haijapata bado pesa ya dawa. Imepata nusu tu. Kamati zitatuambia kwamba beseni zitaibiwa. Pompi haziibiwi?

Na pale ambapo mwanaume hayuko, ao mama ndiye mwenye shamba na mwenye pompi, kanuni ni ileile: aliyevaa anafula, shambani, na ganti. Tunaongeza tu kwamba mama mwenye mimba au anayenyonyesha asipige dawa wala asifule nguo za aliyepiga, na mtoto asitumwe kusuuza hata kama amekaa bure.

Tulipopita mara ya tatu huko Lubero, mama alikuwa amebaki na bidoni zake mbili na nepi zake. Mikono ilikuwa haijamwasha kwa majuma matatu, hayo ni maneno yake, hatuyaongezi. Zile bidoni nyingine mbili anazibeba baba, na anasema njia ya chemchemi ni ndefu kuliko alivyokuwa anafikiri.